Mishale ya Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kosa lilikuwa kwenye ukurasa wa arobaini na moja wa silabusi yangu, na lilikuwa limekaa pale kwa raha miaka kumi na miwili bila mtu kulisumbua.

Silabusi, kwetu Kasongo, ni daftari la somo ambalo mwalimu wa chuo analiandika mwenyewe, anapeleka lipigwe chapa, na wanafunzi wanalitolea kopi. Vitabu ni vichache na viko mbali, kwa hiyo silabusi ndiyo kitabu na mwalimu ndiye maktaba. Mwanafunzi anaimeza neno kwa neno, siku ya mtihani anairudisha jinsi alivyoipokea, na akipata diploma anaenda kufundisha Lusangi au Salamabila na silabusi ile ile ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isiilowanishe juu ya pikipiki. Nusu ya walimu wa biolojia wa Maniema ya kusini wamepita mikononi mwangu. Zamani nilikuwa nasema hivyo kwa fahari.

Ukurasa wa arobaini na moja ulihusu jinsi samaki anavyopumua. Niliuandika nikiwa Kabambare, msimu wa mvua, barabara imekatika na vitabu vyangu vimebaki Kasongo. Nilikuwa kijana mwenye shahada mpya, na kijana mwenye shahada mpya hahitaji vitabu. Nikachora kijikunjo kimoja cha matamvua, yale mekundu yaliyo chini ya mashavu ya samaki, nikachora maji yakipita juu yake na damu ikipita ndani yake. Nilikumbuka vizuri kwamba maji ya samaki hayarudi nyuma, yanaingia kwa mdomo na kutoka kwa mashavu. Basi mishale yote nikaielekeza huko, ya maji na ya damu, kama abiria wa safari moja. Ilipendeza sana machoni. Chini yake nikaandika kwamba damu na maji husafiri pamoja ili vipate muda wa kutosha wa kupeana oksijeni.

Ni uongo. Damu na maji hukutana uso kwa uso, kila kimoja kinaenda kinakotoka kingine, na hapo ndipo penye siri yote. Niliwahi kulijua jambo hilo. Nililifanyia hata mtihani.

Aliyelifumua ni mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, mama wa watoto wawili kutoka Kabambare. Watoto aliwaacha kwa mama yake ili aje kumaliza masomo. Shule moja ya kule ilikuwa imemwekea nafasi ya kufundisha biolojia, lakini lazima afike na diploma kabla ya masomo kufunguliwa, la sivyo nafasi inapewa mwingine. Kilichobaki ni somo la mtihani: kufundisha darasa la kweli, katika shule ya sekondari ya mjini, mbele ya watu watatu wanaotoa pointi. Mwaka uliotangulia malaria ilimlaza siku ile ile ya somo, na kwetu siku ikishapita inangojwa mwaka mzima. Sasa ilikuwa mara ya pili. Akianguka, mwaka mwingine mbali na watoto, na nafasi imekwenda.

Siku mbili kabla ya somo alinikuta nje ya ofisi yangu, ambayo ni meza iliyosogezwa karibu na dirisha. Alikuwa na silabusi mkono mmoja na mfuko wa maharagwe mkono mwingine. Nilidhani ameniletea mboga.

"Mwalimu, iko na nafasi kidogo?"

"Kaa, mama."

Hakukaa. Alipiga magoti sakafuni, akachora duara tatu kwa chaki, akaanza kupanga maharagwe. Alisema alikuwa anatafuta namna ya kuwaonyesha watoto jambo la samaki bila maneno mengi. Harage moja ni oksijeni kidogo. Maji yanaingia na maharagwe manane. Damu inaingia mikono mitupu. Wakikutana wanagawana sawa kwa sawa, kwa sababu oksijeni haina upendeleo, inatoka iliko nyingi kwenda iliko chache mpaka zilingane.

"Nimefuata mishale yenu," alisema. "Maji nane, damu sifuri. Wanagawana: nne, nne. Wanatembea pamoja mpaka duara ya pili. Nne kwa nne, hakuna ya kugawana. Duara ya tatu, vilevile. Sasa hii duara mbili za mwisho ziko za kazi gani? Samaki anabeba matamvua marefu bure?"

Nilisema jambo fulani kuhusu ugumu wa kurahisisha mambo. Ni jambo ninalosema nikiwa sina la kusema.

"Kiisha nikageuza damu," akaendelea, naye akasogeza maharagwe upande wa pili. "Damu inaingia huku, maji yanatoka huku. Damu tupu inakutana kwanza na maji yaliyochoka, hata hivyo yanaipa kidogo. Inasonga, inakutana na maji yenye nguvu zaidi, yanaongeza. Mwisho inakutana na maji mapya kabisa. Inatoka na sita. Sita kwa nane, Mwalimu. Na maji yanatoka na mbili."

Nikaangalia zile duara tatu. Miaka kumi na miwili.

"Nikaenda kwa mapadri kuangalia kile kitabu chao cha zamani cha Kifaransa," alisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mwingine kwamba suruali yake imepasuka nyuma. "Mishale yake inapingana."

Mtu wa heshima angesema pale pale: mama, nilikosea. Mimi nilimuuliza ni nani wengine watakaokaa kwenye jopo. Jibu nililijua tayari: prefe, yaani mkuu wa shule yenyewe, na inspekta wa masomo wa eneo, ambaye alikuwa mwanafunzi wangu wa kundi la kwanza kabisa na ambaye hadi leo anaitaja silabusi yangu kama watu wengine wanavyotaja Maandiko. Katika karatasi ya inspekta kuna mstari unaoitwa ujuzi wa maada, yaani kulijua somo lenyewe. Mwalimu mwanafunzi akifundisha maada iliyo kinyume na silabusi, mstari ule unapewa sifuri, na sifuri pale inaangusha somo zima hata kama mengine yote ni mazuri.

"Jumatano fundisha kama ilivyoandikwa," nilimwambia. "Ukishapata diploma tutarekebisha pole pole."

Aliokota maharagwe yake moja moja.

"Na watoto watakaonisikiliza Jumatano, hao watarekebishwa na nani?"

Alifunga mfuko wake, akaondoka, jambo ambalo lilinisaidia.

Jumatano tulikaa watatu nyuma ya darasa kwenye benchi la wanafunzi, magoti yetu karibu na videvu. Prefe alikuwa na saa kubwa ya mkononi. Inspekta alikuwa na karatasi zake na, nilipochungulia, silabusi yangu, kopi ya zamani iliyofifia, ukurasa wa arobaini na moja umekunjwa pembeni. Mbele yetu wanafunzi arobaini hivi, na mbele yao meza iliyotandikwa nailoni. Juu yake mapafu ya mbuzi na koo lake, kuku aliyechinjwa asubuhi na kunyonyolewa, samaki ngege mmoja mbichi mwenye mashavu mekundu, chupa ya panzi, beseni la maji na mabua ya majani ya mpapai. Bua la mpapai lina tundu ndani. Ndilo mrija wa maabara yetu, na halihitaji kuagizwa kutoka popote.

Mwalimu mwanafunzi alianza kwa Kifaransa, kama sheria inavyotaka. Alimwita msichana wa mbele, akamtia bua mkononi, akamwambia apulize kwenye koo la mbuzi. Mapafu yakajaa, yakawa makubwa na ya waridi, darasa likaguna. Msichana akaachia, yakanywea.

"Hewa imeingia wapi?"

"Kwa koo."

"Imetoka wapi?"

"Kwa koo."

"Mlango mmoja. Imetoka yote?"

Walisogea kutazama. Mapafu yalikuwa yamenywea lakini si bapa. Alieleza kwamba hata sisi, tukitoa pumzi hadi mwisho, kuna hewa ya zamani inayobaki ndani, na pumzi mpya ikija inachanganyika nayo. Ndani ya mapafu yetu hewa haiwi mpya kabisa kamwe.

Msichana mwingine, wa benchi la katikati, akainua mkono. Baba yake anachimba dhahabu Salamabila. "Ni sawa na shimo la mdomo moja," alisema. "Papa anasema shimo la mdomo moja, ukikaa, hewa inachacha. Ile ya midomo mbili, upepo unapita."

Niliona inspekta akiandika. Mwalimu wetu mwanafunzi alimtazama yule msichana kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Sasa tuone shimo la midomo miwili," alisema, akamvuta kuku.

Alikuwa amekata mfupa wa bawa, ule wa juu ulio karibu na bega. Akaulaza mwili ili ncha ya mfupa izame ndani ya beseni, akatia bua kwenye koo la kuku, akalifunga kwa uzi, akapuliza mwenyewe. Mapovu yakatoka kwenye mfupa. Darasa likasimama lote, prefe naye akasimama, na mimi niliyeona jambo hilo chuo kikuu zamani nikasimama pia. Anayepuliza kwenye koo hatarajii pumzi yake itokee begani.

Akaeleza kwamba kuku, kama ndege wote, ana vifuko vya hewa vilivyosambaa tumboni, kifuani, hadi ndani ya baadhi ya mifupa. Kijana mmoja akauliza kama basi mfupa nao unapumua.

"Hapana. Vifuko ni mivukuto tu, kama ile ya mfua vyuma. Havichukui oksijeni. Kazi yao ni kusukuma."

Akachora ubaoni. Ndege akivuta pumzi, sehemu kubwa ya hewa mpya inaenda kwanza kwenye vifuko vya nyuma. Akitoa pumzi, hewa ile inapita ndani ya mapafu, kwenye vijia vyembamba ambako damu inaichukua oksijeni. Akivuta tena, hewa iliyokwisha kazi inaingia vifuko vya mbele, na akitoa tena, ndipo inatoka nje. Pumzi mbili kwa hewa moja, na ndani ya vijia vile hewa inakwenda njia moja tu, kutoka nyuma kuja mbele, ndege akivuta na ndege akitoa. Alisema pia kwamba damu ya ndege hukatisha njia ya hewa, haiifuati wala haikutani nayo uso kwa uso, na akaacha hapo. Nilishukuru. Jambo hilo silabusi yangu ilikuwa haina hata neno moja, kwa hiyo haikuwa na kosa.

Panzi walichukua dakika chache. Alimshika mmoja kwa mabawa, akamzamisha kichwa ndani ya maji, akamwacha hivyo huku akiongea. Watoto walimhurumia. Alipomwinua alikuwa mzima, akitikisa miguu. Panzi hapumui kwa kichwa, alisema, na akawaonyesha vitundu vidogo vilivyopangwa mbavuni. Kila kitundu kinaingia kwenye mrija, mrija unagawanyika kuwa mirija midogo zaidi, hadi hewa inafika yenyewe kwenye msuli unaoitaka. Damu ya panzi haibebi oksijeni. Ndiyo maana ukimmwagia maji ya sabuni mwilini anakufa haraka: maji yale yanateleza hadi ndani ya vitundu na kuvifunga.

"Ndiyo ile mama anafanya kwa mboga," alinong'ona mtu.

Kisha akamshika ngege, akafunua kifuniko cha shavu, na mimi nikaanza kutazama viatu vyangu.

Alichora duara tatu sakafuni. Akaita wanafunzi watano wawe maji, maharagwe manane kila mmoja, na watano wawe damu, mikono mitupu. Hapo Kifaransa kikamwisha. Kuongoza watu kumi wanaotembea na kugawana maharagwe ni kazi ya Kiswahili, na akaifanya kwa Kiswahili.

Kwanza aliwapeleka pamoja, kama ukurasa wangu. Nne kwa nne, duara ya kwanza. Nne kwa nne, duara ya pili. Duara ya tatu mvulana mmoja wa maji alimtazama mwenzake wa damu, akasema, "Sisi tumemaliza mazungumzo," na darasa likacheka. Mikononi mwa damu: nne.

"Hiyo ndiyo iko kwa silabusi," alisema mwalimu mwanafunzi, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Sasa tunageuza damu."

Akaweka damu tatu kwenye duara tatu, na zingine zikangoja upande wa mwisho. Maji yataingia upande wa kwanza, mmoja mmoja; wa kwanza akaingia duara ya kwanza, akagawana na damu aliyoikuta. Kila akipiga kofi, maji yanasonga duara moja kwenda kule, damu inasonga duara moja kuja huku, wanaokutana wanagawana. Harage lisilo na mwenzake linabaki kwa maji. Damu ikitoka inamwaga maharagwe mezani, kwa maana mwili umeyatumia, na kurudi nyuma ya mstari mikono mitupu. Maji yakitoka yanarudi kujaziwa manane.

Kofi. Damu ya kwanza ikatoka. Akahesabu kwa sauti: nne.

Kofi. Ya pili: nne.

Sawasawa na mishale yangu. Inspekta akapiga mstari chini ya kitu fulani, nikasikia kalamu ikikwaruza. Na mimi, niseme ukweli wa aibu, kwa sekunde moja nilifurahi.

Kofi. Tano. Kofi. Tano. Tena tano. Prefe akaangalia saa. Tano tena. Watoto walikuwa wanasonga kwa miguu mizito, mmoja aliangusha harage na mchezo ukasimama hadi likaokotwa.

"Mama, mbona haipandi?" aliuliza yule msichana wa Salamabila.

"Maji yalikuwa hayajafika mwisho wa njia wakati tulianza. Damu za kwanza zilipita duara tupu. Endeleeni, msisimame."

Tano. Tano. Muda wa somo ulikuwa umekwisha na prefe alikohoa kumjulisha. Mwalimu mwanafunzi alikuwa na haki ya kukomesha na kumalizia kwa maneno, na karatasi ya inspekta ingempa pointi za kuheshimu muda. Alipiga kofi la tisa.

Mvulana aliyetoka duara ya kwanza akafungua kiganja, akahesabu mara mbili kabla ya kusema. "Sita."

Na upande wa pili msichana wa maji alitoka na mbili. Kofi lililofuata, sita tena. Na sita.

"Mumeona," alisema. "Maji ni yale yale, maharage ni yale yale. Ndani ya maji oksijeni iko kidogo sana kuliko ndani ya hewa, samaki hawezi kuachia nusu iende. Ndiyo maana damu yake inakuja kukutana na maji, haiyafuati."

Baada ya somo ni desturi kuingia ofisini kwa prefe, mwalimu mwanafunzi akiwa amekaa kwenye kiti peke yake mbele ya meza, akisikiliza makosa yake yakisomwa. Alikaa, mikono mapajani, bado ina harufu ya samaki. Prefe alisema sauti ni nzuri, ubao ni safi, muda umepitwa, Kifaransa kimetupwa njiani. Kisha akampisha inspekta.

Inspekta aliifungua silabusi mezani.

"Mama, ukurasa wa arobaini na moja unasema nini?"

"Unasema damu na maji vinasafiri pamoja, papa inspekta."

"Na weye umefundisha nini?"

"Kinyume."

"Kwa sababu ya maharage."

"Kwa sababu ya maharage, na kitabu cha mapadri."

Inspekta akavua miwani. Si mtu mbaya. Ni mtu anayeamini kwamba kila kitu kikiandikwa mahali pamoja na kufuatwa na wote, watoto wa Lusangi watakuwa sawa na watoto wa Kasongo, na sijui kama amekosea. "Maharage haiko samaki," alisema. "Ukipanga maharage vizuri inaweza kusema kitu chochote. Umeonyesha njia ya pili ina faida. Haukuonyesha kama samaki anaifuata. Kati ya kitabu cha zamani cha mapadri na silabusi ya chuo chetu, mimi ninafuata silabusi. Maada: sifuri. Mwalimu, mutasaini hapa."

Akanisogezea karatasi na kalamu.

Mwalimu mwanafunzi hakunitazama. Afadhali angenitazama, ningepata cha kukasirikia. Alikuwa anatazama sehemu ya chini ya meza ambako jumla huandikwa, na nilijua anahesabu, kama yeyote angehesabu, miezi hadi somo la mwaka unaofuata.

Kilichoniudhi ni kwamba inspekta alikuwa amefikiri vizuri. Pingamizi lake ndilo hasa alilopaswa kulitoa mtu wa sayansi, na lilikuwa na jibu, na jibu nilikuwa nalo tangu nikiwa bado na nywele.

"Iko njia ya kujua samaki anafanya ipi," nilisema. "Unapima damu inapotoka kwenye matamvua, unapima na maji yanapotoka. Vikisafiri pamoja, damu haiwezi kutoka na oksijeni kuyashinda maji yanayotoka pamoja nayo. Mwisho wake ni kulingana. Nne kwa nne. Lakini wataalamu walipopima samaki, waliona damu inayotoka ina nguvu zaidi ya oksijeni kuliko maji yanayotoka. Njia ya kwanza haiwezi kufanya hivyo hata ukiipa duara mia. Ya pili inafanya: sita kwa mbili."

"Hii munaijua toka lini?" aliuliza inspekta.

"Toka chuo kikuu."

"Na ukurasa?"

"Ukurasa niliuandika mimi, kwa kichwa, bila kitabu, na nimekosea. Mama huyu aliniambia Jumatatu. Nilimwambia afundishe kosa."

Prefe akapata karatasi ya kupanga upya mezani pake.

Inspekta akaugeuza ukurasa wa arobaini na moja uelekee kwangu. Kisha akasema taratibu, "Mwalimu, mulinipa ishirini juu ya ishirini kwa hii mishale."

"Nilikupa."

"Niliichora kwa rangi mbili. Nyekundu na buluu."

"Nakumbuka."

"Nimeifundisha miaka sita kabla ya kuwa inspekta. Kiisha nimepita shule zote na pikipiki nikiangusha walimu wasioichora vizuri." Akamgeukia mwalimu mwanafunzi. "Kuna mmoja kule Lusangi aliichora kinyume. Nikamwambia hajui samaki."

"Labda yule naye alizembea tu, hakujua," alisema mwalimu mwanafunzi, na hiyo ndiyo huruma pekee iliyotolewa ofisini siku ile.

Inspekta akavaa miwani, akakata sifuri kwa mstari, akaandika kumi na nane kwenye maada, akatia saini pembeni ya mkato kama sheria inavyotaka, nami nikatia yangu. Lakini muda alikata pointi zote, na Kifaransa alikata pointi zote, bila kupunguza hata nusu, na nadhani alipata faraja kidogo humo. Jumla ikawa kumi na tatu juu ya ishirini. Kupita ni kumi.

"Kumi na tatu," alisema mwalimu mwanafunzi, akiisoma kichwa chini kutoka upande wake wa meza.

"Umepita, mama," nilimwambia.

"Nimeona. Niko nahesabu kama pointi za Kifaransa zilikuwa na thamani ya samaki mzima."

Prefe akacheka, inspekta hakucheka. Aliniomba silabusi yangu mwenyewe, alinganishe kurasa zingine na kitabu cha mapadri kabla hajazunguka tena mashuleni, na nikaona kwamba kwa miezi kadhaa ijayo nitakuwa mimi ninayekaa kwenye kile kiti cha peke yake.

Mwanamke yule aliondoka Kasongo siku nne baadaye. Kabla ya kupanda pikipiki ya Kabambare alipita kwangu na mchoro wa ukurasa wa arobaini na moja uliochorwa upya kwa mkono wake, mishale ya damu ikikutana na ya maji. Chini yake alikuwa ameshaandika kwa Kifaransa safi, kisicho na kosa, kwamba mimi niliyetia saini hapa ninathibitisha kuwa mchoro wa awali ulikuwa na kosa langu mwenyewe. Pakaachwa nafasi ya jina, tarehe na muhuri wa chuo.

"Kule wenzangu wote wako na silabusi yenu," alisema. "Nikifika na maneno matupu watasema mwanamke amekuja juzi, anapinga Mwalimu. Karatasi yenye muhuri hawaipingi."

Nilitia saini. Nikatafuta muhuri, nikaupulizia pumzi ya moto kwa sababu wino ulikuwa umekauka, nikaugonga kwa nguvu juu ya jina langu. Aliusubiri ukauke, akautazama mchoro kwenye mwanga, akaukunja na kuuweka pamoja na cheti chake.

Kisha akatoa karatasi ya pili, iliyoandikwa vilevile.

"Hii ni ya nani?"

"Ya yule wa Lusangi," alisema. "Pikipiki inapita pale. Nitamwachia."

Nikatia saini tena.